Hisa Moja, Milango Miwili: Mwalimu, Mfuko wa Mitaji na Benki ya Equity

Hisa ya kampuni iliyo kwenye soko la hisa na hisa ya kampuni isiyo sokoni ni kitu kimoja mbele ya sheria. Zote mbili ni kipande cha umiliki, na zote zinampa mwenyewe haki ya gawio na kura. Kinachozitenga ni maswali ambayo hayaandikwi kwenye cheti. Mwenye hisa akitaka fedha zake leo, nani atainunua? Kabla faida haijamfikia, nani anakata chake? Na hapo mwanzo, nani aliruhusiwa kuinunua?

Afrika Mashariki ina kampuni moja inayofaa kuyajibu maswali hayo yote, kwa sababu imepita mikononi mwa wawekezaji wa kila aina. Equity ilianza mwaka 1984 kama chama cha kukopesha fedha za nyumba huko Murang'a, Kenya. Kufikia 1993 Benki Kuu ya Kenya ilikuwa imeihesabu kuwa taasisi iliyofilisika, ikibaki kutangazwa tu. Ilijiokoa kwa kuwaendea wakulima wadogo na wachuuzi ambao benki nyingine hazikutaka kuwaona mlangoni. Mwaka 2003, ikiwa bado haijawa benki wala haijaingia sokoni, mfuko uitwao Africap uliweka ndani yake dola milioni 1.6. Mwaka 2004 ilipata leseni ya benki ya biashara, na Agosti 2006 hisa zake zikaorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Nairobi. Mwishoni mwa 2007 mfuko mwingine, Helios, uliafiki kununua karibu robo ya benki kwa shilingi za Kenya zipatazo bilioni 11.

Africap na Helios ni mifuko ya aina ambayo Kiswahili cha biashara huiita mitaji ya ubia au mitaji binafsi. Majina hayo mawili huchanganywa, na tofauti yake ni ya umri wa kampuni zaidi ya kitu kingine. Mtaji wa ubia huingia kampuni ikiwa changa, mara nyingi kabla haijapata faida, kwa matumaini kwamba moja kati ya kumi itakua sana na kulipia zile zitakazokufa. Mtaji binafsi huingia kampuni ikiwa imeshasimama, ukanunua sehemu kubwa au kampuni nzima, ukaisukuma ikue, kisha ukaiuza. Muundo wa mifuko yenyewe ni uleule: watu na taasisi wenye fedha nyingi wanamkabidhi meneja, naye ndiye anayechagua kampuni.

Helios ilinunua hisa milioni 90.5 kwa bei ya shilingi 122 kila moja. Zilikuwa hisa mpya, kwa hiyo fedha ziliingia ndani ya benki yenyewe, na mwaka uliofuata Equity ilivuka mpaka na kununua taasisi ya mikopo midogo nchini Uganda. Na achukuliwe sasa mwalimu wa shule ya msingi mjini Thika aliyenunua hisa 1,000 za benki hiyohiyo kwa bei hiyohiyo ya shilingi 122. Fedha zake, shilingi 122,000, hazikufika benki. Zilikwenda kwa mtu mwingine aliyekuwa akiuza. Hiyo ndiyo kazi ya soko la hisa siku nyingi za mwaka: watu kuuziana hisa zilizokwisha kutolewa zamani.

Ili mwalimu huyo anunue, alihitaji akaunti ya hifadhi ya hisa, kitambulisho na dalali aliyesajiliwa. Siku chache za kazi baada ya dalali kupata muuzaji, hisa zikawa kwenye jina lake. Akitaka kuuza, mambo hurudi vilevile kinyumenyume. Ada ya udalali pamoja na tozo za soko na za mamlaka huwa karibu asilimia 2 kwa mtu mwenye kiasi kidogo kama chake, anaponunua na tena anapouza. Kwa masoko makubwa ya dunia hiyo ni ada ya juu, ila ina sifa moja nzuri: inalipwa mara mbili tu, hata hisa zikikaa miaka 20.

Februari 2009 Equity iligawanya kila hisa kuwa 10, hivyo hisa 1,000 za mwalimu zikawa 10,000 na bei ya shilingi 122 ikawa sawa na shilingi 12.20 ya hisa mpya. Mwishoni mwa 2014 hisa hiyo ilikuwa ikiuzwa kwa takriban shilingi 50. Hisabati ya mwalimu ni fupi. Alitoa shilingi 122,000 na ada ya karibu 2,440. Akiuza zote kwa 50 anapata 500,000, dalali na wenzake wanachukua karibu 10,000, zinabaki 490,000. Bei ilikua mara 4.1, naye mfukoni ameona mara 3.9, mbali na magawio aliyokuwa akipokea kila mwaka. Aliyehesabu kwa dola angeona pungufu ya hapo, maana katika miaka hiyo saba dola ilipanda kutoka karibu shilingi 65 hadi karibu 90, na mara 4.1 ya shilingi ikawa kama mara 3 ya dola. Mifuko ya mitaji huhesabu kwa dola, na hasara ya sarafu huwauma wenye mifuko kuliko wanavyopenda kusema kwenye hotuba zao.

Mfuko nao hukata vipi? Mikataba ya meneja ni siri kati yake na wateja wake, na hesabu ifuatayo si ya Helios wala ya mfuko wowote uliotajwa hapa. Ni ya mpangilio uliozoeleka duniani, ambao wenye kazi hiyo huuita kwa namba zake tu: mbili na ishirini. Mbili ni asilimia 2 ya ada ya usimamizi kila mwaka. Ishirini ni asilimia 20 ya faida, ambayo meneja huichukua kampuni zinapouzwa, kwa kawaida baada ya wawekezaji kurudishiwa mtaji wao wote pamoja na faida ya kwanza ya kama asilimia 8 kwa mwaka.

Kitu ambacho wengi hawakioni ni asilimia 2 ya nini. Katika miaka mitano ya kwanza si ya fedha zilizowekezwa, ni ya fedha zilizoahidiwa. Mfuko wa dola milioni 100 unaweza kuwa umenunua kampuni moja tu ya milioni 10, na ada ya mwaka bado ikawa milioni 2. Miaka mitano ni milioni 10. Kuanzia mwaka wa sita ada huhesabiwa kwa mtaji uliobaki ndani ya kampuni, nao hupungua kadiri kampuni zinavyouzwa. Ikikadiriwa kwa wastani wa milioni 1 kwa mwaka kwa miaka mitano mingine, jumla ya ada inafika milioni 15. Kati ya zile 100, ni 85 tu zilizokwenda kununua kampuni.

Sasa kampuni hizo zikue sawasawa na hisa ya mwalimu, mara 4.1. Milioni 85 zinakuwa 348.5. Wawekezaji wanarudishiwa 100 zao, inabaki faida ya 248.5. Meneja anachukua asilimia 20 ya faida hiyo, yaani milioni 49.7. Wawekezaji wanaondoka na 298.8. Kampuni zilikua mara 4.1, wao wameona mara 3. Mwalimu wa Thika, kwa ukuaji uleule, aliona mara 3.9.

Huo ni mfuko uliofanya vizuri kupita kiasi, na ni mifuko michache inayofika hapo. Hesabu inayofundisha zaidi ni ya mfuko wa faida ndogo. Milioni 85 zikikua mara 1.3 zinakuwa 110.5. Kwa miaka kumi hiyo ni faida ndogo kuliko ya amana ya benki, na haifiki ile asilimia 8, kwa hiyo meneja hapati mgao wa faida. Lakini milioni 15 za ada amekwisha kuzila. Kwa meneja mwenye mfuko mkubwa, ada peke yake ni maisha mazuri, na ndiyo sababu mameneja hupenda kila mfuko mpya uwe mkubwa kuliko uliotangulia hata pale ambapo kampuni nzuri za kununua hazijaongezeka.

Ingekuwa si haki kusema kwamba ada hizo hazinunui kitu. Mwenye robo ya benki huketi kwenye bodi, huona vitabu vya hesabu vyote, na anaweza kumwambia mkurugenzi kwamba mpango fulani ni mbaya kabla haujatekelezwa. Mwalimu mwenye hisa 10,000 hupata taarifa ya mwaka, nafasi ya kuuliza swali kwenye mkutano mkuu, na kwa desturi ya mikutano hiyo, chakula cha mchana. Meneja anauza kwa wateja wake ule uwezo wa kuketi bodini. Kama uwezo huo unastahili bei inayotozwa ni jambo ambalo kila mfuko hulijibu kwa matokeo yake, na hulijibu baada ya miaka kumi.

Hiyo miaka kumi ndiyo kiini cha tofauti ya pili, ile ya ukwasi, yaani wepesi wa kugeuza mali kuwa fedha taslimu. Mwekezaji anapotia saini mkataba wa mfuko hatoi fedha zote siku hiyo. Anaahidi. Meneja akipata kampuni hutuma wito wa mtaji, na mwekezaji ana siku chache, mara nyingi kama kumi za kazi, kuleta sehemu yake. Asipoleta anaweza kupoteza hata kile alichokwisha kuweka. Kwa hiyo kwa miaka ya mwanzo mfuko hula tu: ada zinatoka, kampuni hazijakua, na thamani kwenye karatasi huwa chini ya kilichotolewa. Fedha huanza kurudi karibu na mwaka wa tano au wa sita, kampuni zinapouzwa moja baada ya nyingine. Mkataba wa kawaida ni wa miaka 10 na nyongeza ya mmoja mmoja hadi miwili. Ndani ya muda huo hakuna dirisha la kwenda kudai. Mwenye shida anaweza kumtafuta mtu wa kununua nafasi yake, na mnunuzi wa namna hiyo, akijua muuzaji ana shida, hutaka punguzo.

Helios yenyewe ilikaa na hisa za Equity miaka saba. Na ilipofika wakati wa kutoka ilionekana jambo ambalo wengi wa wanaolisifu soko la hisa hulisahau. Hisa zake zilikuwa zimeorodheshwa Nairobi kama za mwalimu, bei ikionekana kila siku ya kazi. Lakini baada ya mgawanyo zilikuwa hisa milioni 905. Mwalimu anaweza kumwaga hisa zake 10,000 asubuhi moja na bei isitikisike. Anayemwaga milioni 905 anaibomoa bei anayotaka kuuzia. Hivyo nusu ya hisa hizo, kiasi cha asilimia 12 ya benki, zilikwenda kwa mnunuzi mmoja wa mazungumzo, kampuni yenye mfuko wa maendeleo wa serikali ya Norway ndani yake, na zilizobaki zikatafutiwa wanunuzi wengine. Ukwasi basi si sifa ya hisa peke yake. Unategemea pia ukubwa wa fungu ambalo mtu ameshika.

Unategemea na soko. Equity huuzwa na kununuliwa kwa wingi Nairobi karibu kila siku. Dar es Salaam, ambako soko lilifunguliwa mwaka 1998 kwa hisa za kampuni ya gesi ya TOL, zipo kampuni ambazo hisa zake hupita siku nyingi bila mtu hata mmoja kununua. Bei iliyoandikwa ubaoni ni ya mauzo ya mwisho, na mauzo ya mwisho yanaweza kuwa ya mwezi uliopita. Anayetaka kupima ukwasi wa hisa asiangalie bei. Aangalie kwenye taarifa ya kila siku ya soko idadi ya hisa zilizobadilishana mikono, na foleni ya wauzaji ikilinganishwa na ya wanunuzi. Foleni ya wauzaji ikiwa ndefu na ya wanunuzi tupu, hisa hiyo imeorodheshwa kwa jina tu. Na lipo la kufungiwa kabisa: mwenye hisa za Kenya Airways alizuiwa kuuza tangu Julai 2020, shirika liliposimamishwa sokoni, hadi Januari 2025. Miaka minne na nusu ni karibu nusu ya umri wa mfuko wa mitaji.

Hata hivyo kuna kitu ambacho soko, hata likiwa zito, hutoa na mfuko hautoi: bei iliyowekwa na mtu asiye na maslahi ya meneja. Kampuni isiyo sokoni hupewa thamani na meneja mwenyewe, mara nyingi kila robo ya mwaka, akiilinganisha na kampuni zinazofanana nayo, na mkaguzi huipitia mara moja kwa mwaka. Takwimu hizo huonekana tulivu sana, hazipandi na kushuka kama za sokoni, na wapo wanaodhani utulivu huo ni usalama. Ukweli ni kwamba mtu asiyepimwa joto haonekani kuwa na homa.

Ghuba na Afrika Mashariki zililiona hilo mwaka 2018. Abraaj, kampuni ya Dubai iliyoanzishwa mwaka 2002 na Arif Naqvi, ilikuwa ikisimamia karibu dola bilioni 14, na mwaka 2017 mfuko wake ulikuwa umenunua mikahawa ya Java House, ambayo kila mkazi wa Nairobi anaijua. Ilikuwa pia na mfuko wa afya wa dola bilioni 1 ulionunua hospitali, zikiwemo za Nairobi. Baadhi ya wawekezaji wa mfuko huo, ukiwamo Wakfu wa Gates, walianza kuuliza swali jepesi: fedha tulizoitwa tulete, mbona hazijanunua hospitali, na ziko wapi? Majibu hayakuridhisha. Juni 2018 Abraaj iliomba kufilisiwa katika Visiwa vya Cayman, na mwaka uliofuata mamlaka ya huduma za fedha ya Dubai iliitoza faini ya dola milioni 315 kwa, pamoja na mengine, kutumia vibaya fedha za wawekezaji.

Mwenye hisa za kampuni iliyo sokoni, akisikia uvumi wa namna hiyo, huuza kwa hasara na kwenda zake. Wawekezaji wa Abraaj hawakuwa na pa kuuzia. Walisubiri mameneja wengine wapatikane wa kuichukua mifuko: Actis ya London ikaichukua iliyokuwa na Java House, TPG ya Marekani ikachukua ule wa afya. Mikahawa iliendelea kupika kahawa muda wote huo. Kampuni zilizonunuliwa zilikuwa hai, na aliyeanguka ni yule aliyepewa funguo. Dalili iliyowaamsha wawekezaji inafaa kukumbukwa, kwa kuwa haikuhitaji utaalamu: fedha ziliitwa, na hazikutumika kwa kilichosemwa.

Kwenye mitaji ya ubia hatari huwa ya kawaida zaidi, ile ya biashara kushindwa. Copia Global, iliyoanza Kenya mwaka 2013 kwa kuwauzia watu wa vijijini bidhaa kupitia mawakala wa madukani, ilikusanya zaidi ya dola milioni 100, na Mei 2024 ikawekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi. Kampuni changa ikifikia hapo, au ikiuzwa kwa bei ya chini, hisa zake hazilipwi kwa usawa. Wenye mitaji ya ubia kwa kawaida hushika hisa za upendeleo, zinazorudishiwa mtaji kwanza. Kampuni iliyokusanya dola milioni 20 za namna hiyo ikiuzwa kwa milioni 18, zote 18 huenda kwa wawekezaji. Mfanyakazi aliyekubali mshahara mdogo kwa ahadi ya hisa za kawaida hupata sifuri, hata kama mkataba wake unasema ana asilimia 1 ya kampuni.

Limebaki swali la nani anaingia. Kiwango cha chini cha kujiunga na mfuko wa mitaji binafsi mara nyingi huhesabiwa kwa mamilioni ya dola. Nchini Marekani sheria humtaka mtu awe na kipato cha dola 200,000 kwa mwaka, au mali ya dola milioni 1 bila kuhesabu nyumba anayoishi, ndipo auziwe hisa nyingi za namna hii zisizosajiliwa kwa umma. Sababu inayotolewa ni kwamba tajiri anaweza kuvumilia hasara na kusubiri. Katika mifuko inayowekeza Afrika Mashariki, wenye fedha kwa sehemu kubwa ni taasisi za maendeleo za Ulaya na Marekani, wakfu, na matajiri wa mbali, na mifuko mingi imesajiliwa Mauritius na si Dar es Salaam wala Nairobi.

Mlango wa mtu wa kawaida upo, lakini hapiti yeye mwenyewe. Ni mfuko wake wa pensheni. Tangu 2015 kanuni za Kenya zinaruhusu mfuko wa pensheni kuweka hadi asilimia 10 ya mali zake katika mitaji binafsi na ya ubia. Kwa kweli pensheni ndiyo fedha inayofaa zaidi kufungiwa miaka kumi, maana mwenyewe ana miaka 25 mpaka astaafu na hatahitaji kuuza kesho. Mwalimu wa Thika anaweza kuwa mwenye Java House bila kujua. Anachoweza kufanya, na wachache hukifanya, ni kusimama kwenye mkutano wa mwaka wa mfuko wake na kuwauliza wadhamini mambo mawili: ada zote za mwaka jana, za usimamizi na za mgao wa faida, zilikuwa shilingi ngapi, na thamani ya kampuni zisizo sokoni iliyoandikwa kwenye taarifa imewekwa na nani.